Gramu, shilingi na usafi: alamu ya bei niliyomtengenezea mjomba

Mjomba wangu ana karasha Geita, anasaga mawe ya wachimbaji wadogo na mwenyewe ana maduara mawili, yaani mashimo ya dhahabu, anayochimba na wenzake, kwa hiyo maisha yake yamekaa katikati ya bei mbili, dhahabu ndo inaingiza hela na dizeli ndo inakula hela, kwa sababu karasha linazungushwa na jenereta na pampu ya kutoa maji kwenye duara nayo inakunywa dizeli usiku kucha. Mi nakaa Mwanza. Kila asubuhi alikuwa ananipigia, "Mjomba, bei ya dunia leo ikoje?" na mi nafungua simu nampigia picha ya skrini namtumia. Siku moja akaniambia taratibu tu, "Hii unayonitumia ni dola kwa wakia. Mi sijawahi kuuza wakia, nauza gramu, nalipwa shilingi, na mzigo wangu sio dhahabu tupu."

Alikuwa sahihi kabisa, nikaona aibu kwamba miezi yote ile nilikuwa namtumia namba ambayo hawezi kuifanyia kitu. Hapo ndo nilianza kujenga hiki ninachokieleza leo, skripti ndogo ya Python inayokaa kwenye seva ya bei rahisi, inachukua bei ya dhahabu na ya mafuta ghafi, inageuza kuwa shilingi, na ikiona bei imeruka kwa nguvu ndani ya siku inamtumia mjomba meseji ya kawaida ya SMS, kwa sababu kule kwenye maduara intaneti inakuja na kuondoka ila SMS inapenya.

Hesabu yenyewe ni fupi. Wakia inayotumika kwenye dhahabu sio ile ya gramu 28 ya kwenye vitabu vya mapishi, ni ya gramu 31.1034768, na ukikosea hapo bei yako ya gramu inazidi kwa karibu asilimia 10 na hutajua kwa nini watu sokoni wanakucheka. Unagawanya, unazidisha na kiwango cha dola, halafu unazidisha na usafi wa mzigo:

```python
WAKIA = 31.1034768

def kwa_gramu(usd_wakia, kiwango, usafi=1.0):
    return usd_wakia / WAKIA * kiwango * usafi
```

Usafi ni ile asilimia mashine ya kupima pale soko la madini inayokusomea. Dhahabu ya mjomba ikishachomwa huwa inasoma 88 hivi, ikipanda sana 90, iliyobaki ni fedha na shaba na takataka nyingine. Mrabaha na ada za serikali sijaweka kwenye alamu, sio kwamba hazina uzito, zina uzito sana, ila zinakatwa kwa asilimia ile ile leo na kesho, kwa hiyo bei ikishuka asilimia 3 kabla ya makato inashuka asilimia 3 baada ya makato pia. Alamu inatafuta badiliko, sio hela ya mwisho mkononi.

Nichukue siku moja ya kweli ili muone. Jumatatu tarehe 20 Oktoba 2025 dhahabu ilifika juu kuliko wakati wowote kabla ya hapo, siku ikafungwa kwenye dola 4,350 na kitu kwa wakia. Jumanne ikaanguka zaidi ya asilimia 5 ndani ya siku moja, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka mingi, ikafunga kwenye 4,125 hivi. Dola kwetu ilikuwa inazunguka 2,450, wacha niitumie hiyo hiyo kwa siku zote mbili. Jumatatu gramu ya dhahabu safi inatoka kama shilingi 342,600, Jumanne inatoka kama 324,900. Tofauti ni karibu 17,700 kwa gramu. Mjomba alikuwa na gramu 40 ndani ya kikopo, usafi 88, maana yake gramu 35.2 za dhahabu tupu, kwa hiyo kile kikopo kilipungua shilingi laki sita na elfu ishirini na kitu bila mtu kukigusa.

Alamu ililia mchana, kabla bei haijafika chini kabisa. Meseji ilisema hivi, naikumbuka maana niliisoma mara tatu: "DHAHABU -3.7% tangu jana. Gramu safi 330,000. Dola haijabadilika." Mjomba akaenda sokoni, mabroka wengi walikuwa bado wanasoma bei ya asubuhi, akauza nusu, nusu akabaki nayo kwa uamuzi wake. Mi simshauri auze au asiuze, na skripti haimshauri, inamwambia kilichotokea tu na kimetokea kwa sababu gani.

Hiyo sehemu ya "kwa sababu gani" ndo nataka nikae nayo, maana watu wengi wakijenga vitu hivi wanachukua bei ya shilingi ya leo wanalinganisha na ya jana wanapata asilimia moja, basi. Ila bei ya shilingi ina miguu miwili, dhahabu kwa dola na dola kwa shilingi, na miguu hii inaweza kutembea pande tofauti. Dhahabu ikipanda asilimia 1.2 na siku hiyo hiyo dola ikashuka asilimia 1.5 dhidi ya shilingi, mjomba amepoteza kidogo, wakati kwenye habari anasikia dhahabu imepanda na anakaa anasubiri broka amwongeze. Kwa hiyo nazitenganisha halafu naziunganisha:

```python
dhahabu = wakia_leo / wakia_jana - 1
dola    = kiwango_leo / kiwango_jana - 1
jumla   = (1 + dhahabu) * (1 + dola) - 1
```

Ukiweka namba hizo unapata kama -0.3%. Alamu inaangalia zote tatu, kila siku.

Somo hili lilinifika mwisho wa 2024 kabla sijatenganisha chochote. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule dhahabu ilikuwa karibu 2,787 kwa wakia na dola ilikuwa eneo la 2,700, yaani gramu safi kama 241,900. Desemba dhahabu ilikuwa imerudi eneo la 2,620, ambayo ni asilimia 6 tu chini, sio balaa, ila shilingi nayo ilikuwa imepanda thamani kwa kasi ambayo wengi wetu hatukuizoea, dola ikaingia eneo la 2,400. Gramu ile ile ikawa 202,000 hivi. Asilimia 16 imeondoka, na sehemu kubwa imeondoka kwa mlango wa dola, sio wa dhahabu. Na alamu yangu? Ililia siku chache dhahabu ilipoanguka, ila kwa huo mlango wa dola haikulia hata siku moja. Niliweka ilie dhahabu ikisogea asilimia 2 kwa siku, na dola ilikuwa inashuka kidogo leo, kidogo kesho, bila alamu kuiangalia.

Kwa hiyo alamu ya siku peke yake haitoshi, nikaongeza kipimo cha pili kinacholinganisha bei ya shilingi ya leo na ya siku 10 za kazi zilizopita, ikizidi asilimia 5 inatuma meseji moja tu yenye maneno tofauti, "imeteremka polepole", ili mjomba asiichanganye na ile ya ghafla. Mpaka leo naona hicho kipimo cha pili kimemsaidia kuliko cha kwanza.

Sasa neno "jana". Inaonekana rahisi ila hapa ndo skripti nyingi zinaharibika. Dhahabu ya kwenye soko la New York inauzwa karibu masaa 24, inapumzika saa moja tu, inafunga saa 11 jioni ya New York. Kwa saa zetu hiyo ni saa 6 usiku wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, na saa 7 usiku wakati wa baridi, maana wao wanasogeza saa na sisi hatusogezi. Mwanzo nilikuwa nachukua bei ya kufunga saa 6 na dakika 5 usiku, ikaenda vizuri miezi, halafu Novemba ikaanza kuchukua bei wakati soko bado liko wazi, na asilimia zote zikawa hazifanani na za mtu mwingine yeyote. Dawa yake ilikuwa kuhamisha tu mpaka saa 8 usiku, ambapo kiangazi au baridi soko limeshafunga, na kusoma bei ya kufunga iliyoandikwa na soko, sio bei ya dakika ile, maana muda huo soko linakuwa limeshafunguliwa tena:

```
0 2 * * 2-6     /home/bei/funga.sh
*/30 7-20 * * 1-5  /home/bei/kagua.sh
```

Ya kwanza inaandika bei ya kufunga, usiku wa kuamkia Jumanne hadi wa kuamkia Jumamosi. Ya pili inakagua kila nusu saa mchana na kulinganisha na ile iliyoandikwa, sio na iliyopatikana nusu saa iliyopita. Ukilinganisha na nusu saa iliyopita, anguko kama lile la Oktoba linaweza kupita lote kwa vipande vidogo vidogo na usisikie kitu. Na hakikisha seva yako inasoma saa za Dar es Salaam, nyingi zinakuja na saa za Greenwich.

Mstari wa alamu nao sikuuacha kwenye asilimia 2 ya milele. Kuna miezi dhahabu inatembea nusu asilimia kwa siku na kuna miezi inatembea moja na nusu, ukiweka namba moja basi miezi ya utulivu hutasikia kitu na miezi ya vurugu simu italia mpaka mtu anazima. Nachukua siku 30 zilizopita, nahesabu kwa wastani bei ilisogea asilimia ngapi kwa siku bila kujali juu au chini, nazidisha kwa 3. Oktoba ile wastani ulikuwa umepanda, ndo maana mstari ulikuwa 3.6 na meseji ikaja kwenye 3.7. Ikishalia mara moja hailii tena mpaka bei isogee asilimia 1 nyingine upande ule ule. Mjomba alinisisitizia hili, aliniambia meseji ya nne ndani ya saa moja haisomwi na mtu.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa la kiwango cha dola. Nilikuwa natumia huduma moja ya bure ya mtandaoni, inajibu vizuri kabisa, hakuna ujumbe wa hitilafu, ila kiwango cha shilingi ilichokuwa inanipa kilikuwa kimeganda kwa zaidi ya wiki wakati dola mtaani inashuka. Mjomba alikataa ofa ya broka mmoja kwa sababu meseji yangu ilionyesha gramu ina thamani kubwa kuliko ile, wakagombana kidogo, broka akaondoka, na siku mbili baadaye mjomba akauza kwa bei ya chini zaidi ya ile aliyoikataa. Hakunilaumu. Ila mi nililala vibaya, kwa sababu hela ile ilikuwa ya kulipa vijana wa duarani.

Tangu siku ile kila kiwango kinahifadhiwa na tarehe yake. Kikuu ninachotumia ni cha Benki Kuu, ambacho kinatoka siku za kazi, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili ni kawaida kuwa cha Ijumaa. Ila kikizidi siku tatu meseji lazima iandike "kiwango ni cha tarehe fulani", na kama namba imefanana hadi desimali ya mwisho kwa siku tatu za kazi mfululizo, skripti inaninyooshea kidole mimi, sio mjomba. Soko la dola linaweza kutulia ila halitulii mpaka desimali ya mwisho siku tatu.

Na kuna bei mbovu zinazoruka. Mara namba inakuja sifuri, mara bei ya gramu imekaa kwenye nafasi ya wakia. Ikitokea badiliko zaidi ya asilimia 8 skripti haitumi moja kwa moja, inauliza chanzo cha pili, vikikubaliana inatuma. Usiweke sheria ya kutupa kila kinachoonekana hakiwezekani. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ghafi ya Marekani, mkataba wa mwezi Mei, yalifunga dola 37.63 chini ya sifuri, na waliokuwa wameandika kwamba bei haiwezi kuwa hasi walikuwa na skripti iliyonyamaza siku ambayo ilipaswa kupiga kelele.

Tukija kwenye mafuta, mi nafuata Brent, bei ya mafuta ghafi inayotumika sana duniani, na mwanzo niliyatendea kama dhahabu, yakishuka asilimia 4 simu inalia. Mjomba akawa ananiuliza, sawa yameshuka, mbona kituoni dizeli ni ile ile? Kwa sababu kituoni bei ya kikomo inatangazwa na EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, mara moja kwa mwezi, Jumatano ya kwanza, na inabeba bei za mafuta yaliyokwisha kununuliwa na kusafirishwa, sio za leo asubuhi. Tarehe 9 Machi 2022, siku chache baada ya vita ya Ukraine kuanza, Brent ilianguka kutoka karibu 128 mpaka 111 kwa siku moja, asilimia 13. Mtu mwenye alamu kama yangu angefurahi. Mei mwaka huo huo petroli na dizeli Dar es Salaam vikavuka shilingi 3,000 kwa lita, mpaka serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 kuanzia Juni. Ile siku ya anguko haikumfikia mtu yeyote kwenye pampu.

Halafu fanya hesabu ya lita. Pipa ni lita 158.987. Brent ikiwa dola 65 na dola ikiwa 2,450, lita moja ya mafuta ghafi ni kama shilingi 1,000. Mwishoni mwa 2025 uliyokuwa unalipa kituoni ilikaribia mara tatu ya hapo, kwa sababu kuna kusafisha, meli, kodi, tozo, faida ya muuzaji na usafiri wa lori kutoka bandarini mpaka Geita, na tozo nyingi zimewekwa kwa shilingi kwa lita, hazisogei Brent ikisogea. Kwa hiyo Brent ikishuka asilimia 10 nzima, kile kipande kinachoshuka ni kama shilingi 100 kwa lita. Karasha na pampu ya mjomba vinakula lita 60 kwa siku, hiyo ni shilingi 6,000, tena itakayokuja baada ya wiki kadhaa. Linganisha na laki sita za kikopo kile cha Oktoba. Nilipoweka namba hizi mbili pamoja kwenye karatasi nikaondoa alamu ya mafuta ya kila siku siku hiyo hiyo.

Badala yake skripti inakusanya Brent ya kila siku, inaigeuza kuwa shilingi kwa lita kwa kiwango cha siku hiyo, na inatunza wastani wa mwezi. Jumatatu kabla ya ile Jumatano ya kwanza inamtumia mjomba mstari mmoja: wastani wa mwezi uliopita na wa kabla yake, umepanda au umeshuka shilingi ngapi. Sio utabiri wa bei ya EWURA, maana dizeli iliyosafishwa ina soko lake na 2022 ilipanda kuliko hata mafuta ghafi yenyewe, ni upande tu. Upande ukiwa juu mjomba anajaza mapipa yake Jumanne. Kuna miezi mitatu imekuwa sawa na mmoja ikakosea, na ile iliyokosea alikuwa na dizeli ya kutumia tu, hakupoteza.

Kitu kimoja cha mwisho nilichoongeza ni meseji ya saa 1 asubuhi hata kama hakuna kilichotokea. Alamu inayonyamaza ina maana mbili, bei imetulia au seva imekufa, na aliyepo duarani hawezi kujua ni ipi. Sasa kila siku ya kazi anapata mstari kama huu:

```
AU 4125 | USD/TZS 2450 | gramu safi 324,900 | 88%: 285,900 | kiwango: leo
```

Usipofika mpaka saa 2 ananipigia. Wiki iliyopita aliniambia nimuongezee namba moja, bei halisi broka aliyompa siku aliyouza, gawanya kwa ile ya 88%. Anazo daftarini za miaka miwili, kwa kalamu, na kila mstari una jina la broka pembeni. Nimeanza kuziingiza. Tayari naona kwamba siku za kawaida anapata 93 au 94 katika mia, na siku ambazo alamu ililia anapata 89, hata pale bei ilipokuwa imepanda.